Mashine ya Turing Inayolinganisha a na b Bila Kuhesabu

Mifuatano ya herufi ab, aabb, aaabbb na aaaabbbb ina sura moja: a zote hutangulia, b zote hufuata, na idadi ya a ni sawa na idadi ya b. Familia hii nzima huandikwa kwa kifupi aⁿbⁿ, yaani a ikirudiwa mara n, kisha b ikirudiwa mara n hiyo hiyo. Mfuatano aab haumo, kwa kuwa a zimezidi. Mfuatano abab nao haumo, ijapokuwa idadi zinalingana, kwa kuwa mpangilio umevurugika. Mashine inayohitajika ina kazi moja tu: ipewe mfuatano wowote wa a na b, iseme kama umo au haumo.

Mtu aliyepitia darasa la kwanza angehesabu a, akahesabu b, akalinganisha. Ugumu huanza pale kazi inapokabidhiwa kifaa kisichojua namba, chenye kumbukumbu ndogo isiyoongezeka. Chukua mashine ambayo kumbukumbu yake yote ni kuwa katika hali moja kati ya hali tano, na ambayo husoma herufi moja baada ya nyingine bila kurudi nyuma wala kuandika popote. Mashine hiyo ikilishwa mfuatano usio na a hata moja, kisha wenye a moja, mbili, tatu, nne, na tano, hayo ni majaribio sita, ilhali hali ni tano. Lazima majaribio mawili yaiache katika hali ile ile. Tuseme ni aa na aaaa. Kuanzia hapo mashine haina njia ya kukumbuka ni ipi kati ya hizo mbili iliyosomwa. Ikiongezewa bb, itatoa jibu moja kwa aabb na kwa aaaabb, na moja kati ya majibu hayo litakuwa na kosa. Kuongeza hali hadi elfu moja hakusaidii, maana majaribio elfu moja na moja yataleta mkwamo ule ule.

Ndiyo sababu mfuatano huu mdogo umepata umaarufu mkubwa kuliko sura yake. Noam Chomsky aliutumia katika kitabu chake Syntactic Structures cha mwaka 1957 kuonyesha kwamba mashine za namna hiyo haziwezi kueleza sarufi ya lugha zenye sentensi zinazobebwa ndani ya sentensi nyingine. Mabano ya hesabu yana umbo hilo hilo: kila mabano yanayofunguliwa yanadai mwenzake wa kufunga, na hakuna kikomo cha idadi.

Mashine inayoiweza kazi hii kwa urahisi ni ile iliyoelezwa na Alan Turing mwaka 1936, akiwa King's College, Cambridge. Hakukusudia kuunda kompyuta. Alikuwa akijibu swali la mwanahisabati Mjerumani David Hilbert, aliyetaka kujua kama kuna utaratibu wa kufuatwa hatua kwa hatua, bila ubunifu wowote, unaoweza kuamua kama hoja yoyote ya hisabati inathibitika. Ili kujibu, Turing alilazimika kwanza kusema utaratibu wa namna hiyo ni kitu gani, na akaanzia kwa mtu anayepiga hesabu kwa kalamu kwenye karatasi ya visanduku. Aliondoa kila kisichohitajika mpaka vikabaki vitu vichache: utepe uliogawanyika visanduku, usio na mwisho, kichwa kinachotazama kisanduku kimoja kwa wakati mmoja, na orodha fupi ya hali ambazo mashine inaweza kuwamo.

Kila hatua ya mashine hiyo hufuata kanuni moja. Kanuni husema: ukiwa katika hali fulani, na kichwa kikiona alama fulani, andika alama hii mahali pake, sogea kisanduku kimoja kulia au kushoto, na uingie katika hali ile. Hakuna zaidi ya hapo. Mashine haioni utepe mzima, haijui iko kisanduku cha ngapi, wala haina mahali pa siri pa kuweka namba. Kitu kimoja tu kinaitofautisha na ile mashine dhaifu ya hali tano: inaweza kuandika, kisha ikarudi kusoma ilichoandika.

Uwezo huo unatosha, mradi mbunifu aache wazo la kuhesabu. Mtu akitaka kujua kama vikombe vyake vinatosha visahani vyake, hana haja ya kujua ni vingapi: anaweka kikombe juu ya kisahani mpaka kimoja kati ya viwili kiishe. Mashine nayo itachukua a moja na b moja, iziwekee alama kwamba zimeshapata wenzao, irudi ichukue nyingine mbili, na iendelee hivyo mpaka zilizobaki ziishe. a iliyokwisha kushughulikiwa itageuzwa kuwa X, na b itageuzwa kuwa Y. Kutumia alama mbili tofauti si urembo. Kama zote zingegeuzwa kuwa alama moja, mashine ikirudi kushoto isingejua ni wapi sehemu ya b inapokwisha na sehemu ya a inapoanza.

Mwanzoni mfuatano umeandikwa kwenye utepe, kisanduku kimoja kwa kila herufi, na visanduku vinavyofuata ni vitupu. Kisanduku kitupu kitaandikwa hapa kwa alama ya mstari wa chini. Kichwa kiko juu ya herufi ya kwanza, na mashine iko katika hali q0.

Hali q0 ni hali ya kuanza mzunguko. Ikiona a, inaigeuza kuwa X na kuingia hali q1, yenye kazi ya kwenda kulia kutafuta b. Ikiwa q1, mashine inapita juu ya a zilizobaki bila kuzigusa, na inapita juu ya Y za mizunguko iliyotangulia pia bila kuzigusa. Ikifika kwenye b ya kwanza inaigeuza kuwa Y na kuingia hali q2, ya kurudi. Hali q2 inakwenda kushoto, ikiruka Y na a, mpaka igote X. Hiyo X ni ile iliyoandikwa muda mfupi uliopita, kwa hiyo kisanduku cha kulia kwake ndicho mahali mzunguko mpya unapoanzia. Mashine inasogea kulia mara moja na kuwa q0 tena.

Ipo siku q0 itatazama kisanduku hicho na kukuta Y badala ya a. Maana yake ni kwamba a zimekwisha. Wabunifu wengi wapya hushangilia hapa na kuiambia mashine ikubali. Ni mapema mno, kwa kuwa huenda kuna b zilizobaki mbele bila mwenza. Kwa hiyo inahitajika hali moja zaidi, q3, inayokwenda kulia juu ya Y peke yake. Ikikuta kisanduku kitupu, kila herufi ilipata mwenzake, na mashine inaingia q4, hali ya kukubali. Kuna pia mfuatano mtupu, pale n ni sifuri. Nao huhesabiwa kuwa ndani ya familia, kwa hiyo q0 ikikuta kisanduku kitupu inakubali papo hapo.

Mashine nzima ni kanuni kumi na moja. Alama ya `>` ni kusogea kulia, na `<` ni kusogea kushoto:

```
q0 a -> q1 X >
q0 Y -> q3 Y >
q0 _ -> q4 _ >
q1 a -> q1 a >
q1 Y -> q1 Y >
q1 b -> q2 Y <
q2 a -> q2 a <
q2 Y -> q2 Y <
q2 X -> q0 X >
q3 Y -> q3 Y >
q3 _ -> q4 _ >
```

Jozi ya hali na alama ambayo haimo katika orodha ni kukataa: mashine inasimama pale pale, na mfuatano haukukubaliwa. Mapengo hayo ni sehemu ya ubunifu kama zilivyo kanuni zenyewe. Kwamba q1 haina kanuni ya kisanduku kitupu ndiyo njia ya mashine kusema kuwa imetafuta b mpaka mwisho na haikuipata.

Mfuatano aabb unaonyesha kazi nzima kwa ufupi. Mabano ya mraba yanaonyesha kisanduku kinachotazamwa na kichwa:

```
q0  [a] a  b  b  _
q1   X [a] b  b  _
q1   X  a [b] b  _
q2   X [a] Y  b  _
q2  [X] a  Y  b  _
q0   X [a] Y  b  _
q1   X  X [Y] b  _
q1   X  X  Y [b] _
q2   X  X [Y] Y  _
q2   X [X] Y  Y  _
q0   X  X [Y] Y  _
q3   X  X  Y [Y] _
q3   X  X  Y  Y [_]
q4   kubali
```

Hatua ni kumi na tatu. Mzunguko wa kwanza umechukua hatua tano na wa pili tano, na zilizobaki ni za ukaguzi wa mwisho. Inafaa kutazama mstari wa saba, pale q1 inapokutana na Y kwa mara ya kwanza. Mbunifu aliyesahau kanuni ya `q1 Y` angejaribu mashine yake kwa ab, akaona imekubali, akaridhika. Kosa halijitokezi mpaka n iwe mbili au zaidi. Ndiyo maana jaribio la ab pekee halithibitishi chochote.

Mifuatano mibaya inafundisha zaidi kuliko mizuri. Ukipewa aab, mashine inaoanisha a ya kwanza na b iliyopo, inarudi, inaigeuza a ya pili kuwa X, kisha q1 inakwenda kulia, inapita Y na kugota kisanduku kitupu. Hakuna kanuni, imekataa. Ukipewa abb, mzunguko mmoja unakamilika vizuri, q0 inaona Y, q3 inasogea na kukuta b. Hakuna kanuni, imekataa. Hapa ndipo wale waliokubali mapema katika q0 wanapoumbuka: mashine yao ingeipitisha abb, na aba pia.

Mfuatano wenye hila kuliko yote ni aababb. Una a tatu na b tatu, ila a moja imeteleza ikaingia kati ya b. Baada ya mzunguko wa kwanza utepe unasomeka XaYabb. Katika mzunguko wa pili, q1 inapita Y, inakuta ile a iliyopotea njia, na inaipita pia bila wasiwasi, kwa sababu kanuni ya `q1 a` haijali kama a iko kabla ya Y au baada yake. Inageuza b inayofuata, na utepe unakuwa XXYaYb. Kwa dakika moja inaonekana kama mashine imedanganywa. Lakini q2 inaporudi na q0 inapotazama mbele, kinachoonekana ni Y. Mashine inaingia q3, inasogea, inakuta a mahali ambapo ni Y tu ingetakiwa, na inasimama. Kwa hiyo q1 haikagui mpangilio hata kidogo. Isipokuwa kwa mfuatano unaoanza na b, ambao q0 huukataa papo hapo, ukaguzi wote wa mpangilio umeachiwa q3, hali ambayo wanafunzi wengi huiona kama nyongeza isiyo na umuhimu.

Majaribio hayo, hata yakiwa elfu, hayatoshi kuthibitisha kuwa mashine ni sahihi kwa mifuatano yote, ambayo haina mwisho. Kinachotosha ni kupata jambo moja linalobaki kweli katika kila mzunguko. Hapa jambo hilo ni hili: kila mara mashine inapokuwa q0, idadi ya X ni sawa na idadi ya Y, na X zote zimeshikana mwanzoni mwa utepe. Mwanzo hakuna X wala Y, kwa hiyo ni kweli. Kila mzunguko uliokamilika unaongeza X moja, karibu kabisa na zilizotangulia, na Y moja, kwa hiyo inabaki kweli. Mashine ikifika q4 baada ya q3 kupita, utepe una X tupu zikifuatwa na Y tupu, kwa idadi sawa. Kwa kuwa X huandikwa juu ya a peke yake na Y juu ya b peke yake, mfuatano uliokuwapo mwanzoni ulikuwa aⁿbⁿ na si vinginevyo. Kwa upande wa pili, mfuatano ulio sahihi hauwezi kukwama, kwa kuwa kila a inayochukuliwa ina b yake inayosubiri mbele.

Inabaki kuhakikisha kwamba mashine husimama daima. Kila mzunguko unapunguza a moja, na a zilizoandikwa zina mwisho. Mbunifu mwenye nia njema ya kujaza mapengo angeweza kuiharibu sifa hii kwa kanuni moja tu:

```
q1 _ -> q1 _ >
```

Mashine yenye kanuni hii bado inakubali mifuatano yote mizuri na haikubali hata mmoja mbaya. Ila ikipewa aab, itatafuta b ya pili kwenye visanduku vitupu, kulia, milele. Anayesubiri jibu hatajua kama mashine inakaribia kumaliza au imepotea. Katika nadharia ya kompyuta mashine hiyo inasemwa kuwa inaitambua familia ya aⁿbⁿ lakini haiamui, na tofauti kati ya mambo hayo mawili ndiyo kiini cha makala ya Turing ya mwaka 1936, iliyoonyesha kuwa yapo maswali ambayo hakuna mashine inayoweza kuyaamua.

Kwa wanaotaka kuijaribu mashine kwa vitendo, programu ya JFLAP, iliyotengenezwa chini ya uongozi wa Susan Rodger wa Chuo Kikuu cha Duke nchini Marekani, humruhusu mtu kuchora hali, kuandika kanuni na kutazama kichwa kikisogea. Orodha nzuri ya kuanzia nayo ni mfuatano mtupu, a, b, ab, ba, aab, abb, aba, aabb, abab na aababb. Kila mmoja unanasa kosa lake.

Gharama ya kutojua kuhesabu inaonekana n inapokua. Kila mzunguko unachukua hatua 2n + 1, mizunguko ni n, na ukaguzi wa mwisho unachukua hatua n + 1. Jumla ni 2n² + 2n + 1. Kwa n = 2 jibu ni 13, kama ilivyoonekana. Kwa n = 100 ni 20,201, na kwa n = 1,000 ni 2,002,001. Mfuatano ukirefuka mara kumi, kazi inaongezeka takriban mara mia, kwa kuwa kichwa kinatembea umbali ule ule mrefu kwa ajili ya jozi moja tu.

Safari hizo zinaweza kupunguzwa. Badala ya kuoanisha jozi moja kila safari, mashine inaweza kwanza kuhakikisha kuwa hakuna a inayofuata b, kisha ikafuta a moja na kuacha moja, kwa kupokezana, na kufanya vivyo hivyo kwa b. Kabla ya kila safari inaangalia kama idadi ya a zilizobaki ni shufwa au witiri, na kama ya b ni hivyo hivyo. Hilo halihitaji kuhesabu, maana hali mbili zinazobadilishana zinatosha. Zikitofautiana, inakataa. a 13 zitapungua kuwa 6, kisha 3, kisha 1, na majibu yatakuwa witiri, shufwa, witiri, witiri. b 12 zingeanza na shufwa, na zingeumbuliwa katika safari ya kwanza. Majibu hayo ya shufwa na witiri ni tarakimu za namba yenyewe katika mfumo wa jozi, zikisomwa kuanzia mwisho, kwa hiyo idadi mbili tofauti haziwezi kutoa majibu sawa hadi mwisho. Kila safari inapunguza herufi kwa nusu, hivyo kwa n = 1,000 safari ni kumi badala ya elfu moja.

Mashine yenye tepe mbili hufanya vizuri zaidi: inanakili a kwenye utepe wa pili, kisha inasoma b huku kichwa cha pili kikirudi nyuma, na inamaliza kwa safari moja. Kwa utepe mmoja hilo haliwezekani. Katika miaka ya 1960 ilithibitishwa kwamba mashine ya utepe mmoja inayotumia muda unaokua polepole kuliko n log n haiwezi kuamua chochote zaidi ya kile ambacho mashine dhaifu ya hali chache, isiyoandika, ingeweza kuamua. Kwa kuwa mashine hiyo dhaifu imeshindwa na aⁿbⁿ, njia ya shufwa na witiri ndiyo kikomo cha kasi kwa utepe mmoja.